Mdogo wangu aliua akiwa amelewa. Je, pombe itamwokoa mahakamani?

*Shikamoo Mama Wakili. Mimi ni binti mkubwa katika familia yetu, tupo mkoani Njombe. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, ni saidia fundi. Jumamosi moja alilipwa, akaingia kilabuni tangu saa sita mchana na wenzake, wakanywa ulanzi mkangafu mpaka giza likaingia. Saa moja usiku akagombana na rafiki yake juu ya shilingi 3,000 za pombe. Watu wakawaamua. Mdogo wangu akaondoka, akaja nyumbani, mwendo wa dakika kumi, akachukua kisu cha jikoni, akarudi. Akaingia kwa mlango wa nyuma akamchoma yule rafiki kifuani, mara moja tu. Wanasema alitamka "Nilikwambia." Kisha akatoka nje, akatapika, akalala hapohapo kwenye majani. Mgambo walimkuta amelala.*

*Rafiki yake alifariki kabla ya kufika hospitali. Mama yake marehemu ni jirani yetu, tunachota maji bomba moja.*

*Sasa mdogo wangu yupo mahabusu kwa kesi ya kuua kwa kukusudia. Ananiambia anakumbuka ugomvi, anakumbuka kutembea, baada ya hapo hakumbuki kitu. Baba mdogo anasema tusihangaike, sheria inamsamehe mlevi, tumtafute mama muuza pombe aseme alikunywa lita kumi. Mjomba anasema hapana, akane kabisa kwamba hakuwepo. Je, ulevi ni utetezi? Na kama si utetezi, si walau adhabu itapungua? Naomba unieleze ukweli hata kama unauma.*

*Dada mkubwa, Njombe*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole hiyohiyo imfikie jirani yenu, mama wa marehemu. Umeomba ukweli, nami nitakupa kwa kadiri ninavyoujua baada ya miaka mingi ya kusimama upande wa utetezi katika kesi za namna hii.

Baba yako mdogo amekosea, ila si kwa kila kitu. Ndani ya sheria kuna mlango mwembamba wa ulevi, na watu wengi wameusikia kwa mbali wakaudhani ni geti. Mlango huo upo kwenye kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu. Ndugu zetu wa Kenya wanayo maneno karibu yaleyale kwenye kifungu cha 13 cha sheria yao, kwa kuwa chimbuko ni moja, tangu mwaka 1930. Kifungu hicho kinaanza kwa kuufunga mlango: ulevi si utetezi kwa kosa lolote. Kisha kinaufungua kidogo, sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni ya mtu aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe, mpaka akawa hajui anachofanya au hajui kwamba ni kosa. Mtu kaagiza soda, mwenzake kamtilia kitu. Huyo akithibitika anaachiwa. Mdogo wako alilipwa mshahara wake, akaingia kilabuni kwa miguu yake, akanywa kwa hiari tangu mchana. Sehemu hiyo tuiache.

Sehemu ya pili ni ya mtu ambaye pombe imemtia wazimu, wa muda au wa kudumu. Hapa watu huchanganya mno. Wazimu wa kisheria si kuchangamka, si hasira, si kuyumba. Ni akili yenyewe kuugua. Yupo mnywaji wa miaka mingi ambaye akikatizwa pombe anaanza kuona nyoka ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwepo, na akifanya jambo katika hali ile kwa kweli hajui anachofanya. Mtu wa namna hiyo wakili wake huomba apelekwe kuchunguzwa na madaktari wa akili, mara nyingi Isanga kule Dodoma, na madaktari huandika ripoti. Mzigo wa kuonyesha wazimu upo kwa mshtakiwa, ingawa si mzigo mzito kama ule wa upande wa mashtaka: inatosha aonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa alikuwa hivyo kuliko kwamba hakuwa. Akifaulu haendi nyumbani, anawekwa chini ya uangalizi kama mgonjwa. Kama mdogo wako amewahi kuona vitu, kupotea akili au kutibiwa ugonjwa wa akili, mwambie wakili wake mapema. Kama hajawahi, msimzushie ugonjwa. Daktari anayekaa na mtu wiki kadhaa hadanganyiki kirahisi.

Sehemu ya tatu ndiyo yenu. Kifungu kinasema ulevi utazingatiwa katika kupima kama mshtakiwa alikuwa na ile nia ambayo bila hiyo kosa halipo. Yasome maneno hayo polepole. Hayasemi mlevi anasamehewa. Yanasema tu kwamba jaji anapojiuliza "huyu alikusudia?" asijifanye haioni pombe.

Kuua kwa kukusudia kunahitaji vitu viwili: kitendo kilichosababisha kifo, na nia ovu. Nia ovu si lazima iwe "nataka afe". Inatosha mtu awe alikusudia kumwumiza mwenzake vibaya sana, au alijua kwamba anachofanya huenda kikaua au kuumiza vibaya. Nia hiyo ikikosekana, kifo kinabaki kuwa kosa, lakini kinaitwa kuua bila kukusudia. Na tofauti ya majina haya mawili ni maisha ya mtu. Kwetu Tanzania, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu ni moja, kunyongwa mpaka kufa, na jaji hana uchaguzi. Kwa kuua bila kukusudia adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji yuko huru kushuka kadiri anavyoona haki.

Nadhani hapa unaona jibu la swali lako la pili. Mtu akishatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kusema "nilikuwa nimelewa, naomba nipunguziwe" hakufiki popote, kwa sababu hakuna cha kupunguza. Ulevi wa mdogo wako, kama una kazi yoyote, kazi yake inafanyika kabla ya hukumu, kwenye swali la nia. Baada ya hapo umechelewa.

Sasa, kwa nini mahakama zinaliangalia jambo hili kwa jicho kali? Watu husema majaji hawana huruma na walevi. Si hivyo. Kwanza, nia ya mtu aliyelewa bado ni nia. Pombe mara nyingi haimwondolei mtu kusudio, inamwondolea kizuizi. Jambo ambalo angelitamani asubuhi akajizuia, usiku analifanya. Yule mtu alitaka, na alijua anataka. Kilichokosekana ni mkono wa kumshika, na mkono huo ameuondoa mwenyewe kwa kunywa. Sheria haimwambii jaji apime kama mtu angefanya vile akiwa mkavu. Inamwambia apime kama alikusudia pale alipofanya.

Pili, kuna wanaokunywa ili wafanye. Mwaka 1961 Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliamua kesi iliyotoka Ireland ya Kaskazini, ya mwanamume aliyeazimia kumwua mkewe, akanunua kisu na chupa ya wiski, akanywa, kisha akaua. Walisema hawezi kujificha nyuma ya ulevi alioutafuta kwa ajili ya kazi ileile. Kama ulevi ungekuwa utetezi wa wazi, kila mwenye kinyongo angejua aanzie wapi.

Tatu, ni madai mepesi kutoa na magumu kupinga. Vijijini kwetu mara nyingi hakuna anayempima mshtakiwa pombe usiku ule. Kesi inakuja kusikilizwa baada ya mwaka, miaka miwili au zaidi, na anasimama kizimbani mtu mkavu, amenyoa, akisema "sikumbuki". Kusahau hakuthibitishi kwamba hakukusudia. Pombe nyingi inaweza kuuzuia ubongo usihifadhi kumbukumbu wakati mtu bado anatembea, anaongea na kuamua. Asubuhi hakumbuki aliyosema, lakini usiku aliyasema akijua anayasema. Kwa hiyo neno "sikumbuki" la mdogo wako linaweza kuwa kweli tupu na bado lisimsaidie.

Tuingie kwenye kesi yenyewe. Nitaipima kama jaji atakavyoipima, maana Mahakama ya Rufani imekwisha eleza mara nyingi nia ovu inatafutwa wapi: aina ya silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, jeraha lilivyo, maneno ya mshtakiwa kabla na baada, na mwenendo wake kabla na baada. Hakuna anayefungua kichwa cha mtu kuona nia. Inasomwa kwenye mikono na miguu yake.

Miguu ya mdogo wako ndiyo inayonitia wasiwasi. Kama ugomvi ungewaka pale mezani, kisu cha kukatia nyama kikawa karibu, akakinyakua na kuchoma mara moja, ningekuandikia kwa moyo mwepesi zaidi. Vifo vya kilabuni vya namna ile, katikati ya vurugu, walevi wawili, pigo moja, mara nyingi huishia kwenye kuua bila kukusudia. Lakini yeye aliondoka. Alitembea dakika kumi kwenda, gizani, asipotee. Alifika nyumbani. Je, mlango ulikuwa na kufuli? Kama ulikuwa nalo, aliingiza ufunguo kwenye tundu. Alikumbuka kisu kinakaa wapi. Akatembea tena dakika kumi kurudi, hakuingia kwa mlango wa mbele walipo watu, akaingia wa nyuma. Ndani walikuwepo wengi, akamchagua mmoja, yuleyule waliyegombana. Akalenga kifua. Akasema "Nilikwambia." Wakili wa Jamhuri atayapanga haya moja baada ya jingine na kumwuliza jaji: ni mlevi gani asiyejua anachofanya anayeweza haya yote? Neno lile la mwisho ndilo baya kuliko yote. Linaunganisha ugomvi wa saa moja na kisu kilichofuata.

Upande wa pili upo, nao si mtupu. Alikunywa mkangafu saa saba mfululizo. Pigo ni moja, hakurudia ingawa hakuna aliyemshika. Alitapika, akalala hatua chache kutoka kwa mtu aliyemchoma, hakukimbia, hakuficha kisu. Mtu mwenye akili timamu aliyepanga kuua asingelala pale. Hawakuwa na uadui wa zamani, walikuwa marafiki. Na wewe hujaniambia kama alikuwa amekula siku ile, wala kama alikuwa akiyumba alipokuja nyumbani. Nani alimwona? Kama kuna mtoto au jirani aliyemwona akianguka njiani, au akimwita dada yake kwa jina la mtu mwingine, huyo ni shahidi muhimu kuliko lita kumi za kubuni.

Mzigo hapa ni wa nani? Hili hata baadhi ya mahakimu zamani walilikosea. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema wazi: mshtakiwa anayedai wazimu wa pombe anabeba mzigo wake, lakini anayesema tu kwamba kwa ulevi hakuwa na ile nia habebeshwi kazi ya kuthibitisha. Ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha, pasipo shaka yoyote ya msingi, kwamba nia ilikuwepo licha ya pombe. Ushahidi ukimwacha jaji na shaka ya kweli, shaka hiyo ni ya mshtakiwa. Kwa hiyo mdogo wako hahitaji uongo. Anahitaji ushahidi wa kweli wa ulevi uingie kwenye kumbukumbu za mahakama ukiwa msafi.

Kwa sababu hiyo, mwambieni baba mdogo amwache mama muuza pombe. Karibu hakika yule mama ni shahidi wa Jamhuri. Alikuwepo, aliona, na polisi wamekwisha andika maelezo yake. Zamu ya wakili wenu ya kumdodosa ikifika, atamwuliza alimuuzia nini, tangu saa ngapi, alilipa mara ngapi, alikuwa anaongeaje, alisimama vipi alipoondoka. Jibu la shahidi wa upande wa pili kwamba "alikuwa amelewa sana, hata chenji alishindwa kuhesabu" lina uzito kuliko maneno yoyote ya ndugu. Lakini mkimfuata leo na lita zenu kumi, akabadilisha aliyoyaandika polisi, wakili wa Jamhuri atamsomea maelezo yake ya kwanza mbele ya jaji, na hata ule ukweli aliokuwa nao hautaaminika tena. Zaidi ya hapo, kumshawishi shahidi ni kosa la jinai. Sitaki ndugu wa pili aingie mahabusu.

Na ushauri wa mjomba ni mbaya zaidi. Mtu hawezi kusema "sikuwepo" kisha akasema "nilikuwepo ila nililewa". Ni kweli jaji anatakiwa kuzingatia kila utetezi unaojitokeza kwenye ushahidi, hata ambao mshtakiwa mwenyewe hakuutaja. Lakini fikiria: watu wote wa kilabu wanamjua kwa jina, mgambo walimkuta palepale. Akikana kuwepo anaonekana mwongo kwa jambo dogo, na atakapoomba aaminiwe kwa jambo kubwa, la nini kilikuwa kichwani mwake, hataaminiwa.

Umetaja hasira ya shilingi 3,000. Atasikia mahabusu wenzake wakimwambia aseme alichokozwa. Uchokozi nao unaweza kushusha kosa, lakini sheria inataka mtu awe ametenda papo hapo kabla damu haijapoa, na kipimo ni mtu wa kawaida wa jamii ileile, mkavu. Ubishi wa deni la pombe, kisha dakika ishirini za kwenda na kurudi, sioni ukifika.

Ngoja nikueleze kitu kimoja ambacho familia nyingi hazikijui, na kwa maoni yangu ndicho cha kwanza cha kuangalia. Mdogo wako aliandikwa maelezo ya onyo polisi, yaani yale anayotoa mshukiwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Sheria inataka mshukiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu akamatwe, isipokuwa muda uongezwe kwa utaratibu. Yeye alikamatwa akiwa amelala kwa ulevi, tuseme saa mbili usiku. Kwenye karatasi ya maelezo kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kama inasomeka saa nne usiku, mtu aliyekuwa hajitambui saa mbili kabla ametoaje maelezo ya kurasa tatu yaliyonyooka? Ama hakuwa amelewa hivyo, ama maneno yale si yake yote. Wakili atapinga yasipokelewe. Lakini ujue hoja hii ina makali pande zote mbili. Kama maelezo yale yanasimulia ugomvi, njia, kisu na mlango wa nyuma kwa utaratibu, na mahakama ikayapokea, upande wa mashtaka utayatumia kumwambia jaji: tazama, akili yake ilikuwa inafanya kazi na kumbukumbu ilikuwepo, hiyo "sikumbuki" imezaliwa gerezani. Kwa hiyo kabla hamjaamua mtasema nini mahakamani, someni kwanza alichokwisha sema. Nakala atapewa kesi itakapokabidhiwa Mahakama Kuu, pamoja na maelezo ya mashahidi.

Kabla ya hapo mtaona kesi "ikitajwa" tu mahakama ya chini, kila baada ya wiki mbili, na kuahirishwa kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Msishtuke. Hakimu pale hana mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji wala kutoa dhamana. Yeyote atakayewaambia kwamba kwa laki tano atamtoa kwa dhamana ni kishoka. Na msiuze shamba kutafuta wakili kwa hofu kwamba atabaki peke yake. Kwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo anapangiwa wakili kwa gharama za serikali. Nimefanya kazi hizo miaka mingi. Tatizo si ubora wa wakili, tatizo ni kwamba mara nyingi anakutana na mteja siku chache kabla ya kesi. Hapo ndipo dada kama wewe unahitajika: uwe umeandika kwenye daftari nani aliona nini, wapi, saa ngapi, na namba za simu.

Kuna hatua moja ambapo ulevi hufanya kazi yake kimyakimya, bila hotuba. Siku ya kusomewa shitaka Mahakama Kuu, mshtakiwa anaweza kusema: kuua kwa kukusudia sikubali, lakini nakubali niliua bila kukusudia. Upande wa mashtaka ukiridhika na ushahidi ulivyo, unakubali, na kesi inaishia kwenye kosa dogo. Pale kwenye mashahidi wa ulevi mzito, pigo moja na mtu asiyekimbia, wakili wa Jamhuri naye anapima kama atafaulu kuthibitisha nia. Sikuahidi kwamba atakubali. Zile dakika kumi za kwenda na kumi za kurudi zinaweza kumfanya akatae, na mimi ningekuwa upande wake ningesita. Lakini ni mazungumzo ambayo wakili wenu anapaswa kuyaanzisha, na ni uamuzi wa mdogo wako mwenyewe, si wa baba mdogo wala mjomba.

Ikifika huko, au jaji akimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia baada ya kusikiliza kesi nzima, ndipo swali lako la kupunguziwa adhabu linapata nafasi. Hapo pia usitegemee pombe. Wakili akisimama kuomba huruma kwa sababu mteja wake alilewa, jaji anakumbuka kesi nyingine tatu za wiki ileile zilizoanzia kilabuni, na anakumbuka aliyekufa. Tena ulevi ndio uliokwisha kumshusha kutoka kwenye kunyongwa, na mahakama haioni sababu ya kuulipa mara mbili. Wapo majaji watakaosema kunywa mpaka kuwa hatari kwa wenzako kunaongeza uzito. Kinachosikilizwa zaidi ni kukiri mapema, kuwa ni kosa la kwanza, muda aliokaa mahabusu, umri, na majuto ambayo hayakuanza siku ya hukumu. Ulevi unatajwa kama maelezo ya namna jambo lilivyotokea, basi.

Unaweza kujiuliza ingekuwaje kama rafiki yake angepona. Jibu linashangaza wengi: ulevi ungekuwa na nafasi ndogo zaidi. Shitaka la kawaida la kumjeruhi mtu vibaya linahitaji tu kitendo kisicho halali na jeraha kubwa, halihitaji lile kusudio la pekee. Pasipo nia ya kuthibitisha, pombe haina cha kutilia shaka. Ile sehemu ya tatu ya mlango ipo kwenye makosa yanayobeba nia ndani yake, na kwenye mengine haipo kabisa.

Kuhusu jirani yako. Nendeni kuhani kama majirani mlivyo, bebeni unga na kuni, kaeni chini nao. Hilo halihitaji ruhusa ya wakili. Ila msizungumzie kesi, msiombe wasije kutoa ushahidi, na msitoe fedha kwa masharti. Kesi hii ni ya Jamhuri. Hata mama wa marehemu akisamehe kwa moyo wote hawezi kuifuta, na maneno yenu ya kutaka suluhu yanaweza kusomwa vingine.

Utakapokwenda kumwona tena mdogo wako, mwambie asiwasimulie mahabusu wenzake kilichotokea na asipokee hadithi kutoka kwao. Muulize mambo mawili tu, uyaandike: alikula nini siku ile, na saa ngapi polisi walimpa karatasi asaini.